Mkojo unaponyoka nikipiga chafya, mimba miezi sita: mazoezi ya misuli ya chini yanafanywaje?

"Nina mimba ya miezi sita. Nikipiga chafya au nikicheka mkojo unaponyoka. Nesi wa kliniki kasema niwe nakaza misuli ya huku chini ila hakunielekeza. Inafanywaje hiyo, na inasaidia kweli?"

Pole mama kijacho. Mi ni mama wa wawili, nipo Tabata, na mimba yangu ya pili nilipitia hicho hicho nikaenda kuelekezwa na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa hiyo ntakuandikia alichonifundisha yule dada na nilichokiona baadae kwa wifi yangu, maana kwake ndo nilielewa kwanini wengi wanasema wamefanya wee na hakuna kitu.

Misuli yenyewe iko ndani, inaanzia mfupa wa kinena kule mbele inapita chini mpaka kwenye kifandugu nyuma, na njia zote tatu yaani ya mkojo, uke na haja kubwa zinapita katikati yake. Ndo inayobeba kibofu na mji wa mimba kwa chini, na ndo inayobana ile njia ya mkojo isiachie. Sasa ukiwa mjamzito homoni zinailegeza na huku mtoto anazidi kuwa mzito juu yake, basi ukipiga chafya tumbo linasukuma kibofu ghafla na misuli inachelewa kubana, hapo ndo kidogo kinaponyoka. Ndo maana ukikaa tu hautoki, unatoka ukikohoa, ukicheka, ukinyanyua ndoo au ukishuka kwenye daladala kwa kuruka.

Jinsi ya kuipata. Lala ubavu, wa kushoto ni mzuri, weka mto katikati ya magoti, usilale chali muda mrefu na mimba yako ilipofika. Legeza tumbo, legeza makalio, legeza mapaja. Vuta pumzi kawaida, halafu wakati unaitoa taratibu, kaza kwanza huku nyuma kwenye haja kubwa kana kwamba unazuia upepo usitoke mbele za watu, ukishakaza nyuma endelea kuvuta kuja mbele mpaka kwenye njia ya mkojo kana kwamba unakatisha mkojo, na vyote kwa pamoja uvivute kwenda JUU ndani ya mwili. Hilo neno juu ndo zoezi lenyewe. Kubana peke yake haitoshi, lazima usikie kitu kinapanda. Halafu achia kabisa, usikie kinashuka. Kama hausikii kushuka ujue ama ulikuwa hujakaza ama ilishaachia yenyewe katikati.

Usijifunzie chooni kwa kukata mkojo kila ukienda. Najua ndo tunavyoambiana mtaani, ila ukizoea hivyo kibofu hakimaliziki, mkojo unabaki, na mkojo unaobaki unaleta maambukizi, ambayo kwa mjamzito ni hatari kuliko hiyo chafya. Chooni kojoa mpaka uishe.

Sasa nije kwa wifi. Huyu anakaa Mbagala, mtoto wa kwanza alimzaa kawaida na alikuwa mkubwa, mimba ya pili ilivyofika kama yako akaanza kuvujisha, akaangalia video kwenye simu akaanza kukaza kila siku kwa bidii kweli. Wiki zinapita hali ile ile, tena siku akipata mafua anavaa pedi kutwa. Alipokuja kwangu nikamwambia hebu kaza nikuone. Mwanamke akabana pumzi, shingo ikatokeza mishipa, tumbo likawa gumu, makalio yakamnyanyua kwenye kiti. Nikachukua khanga nikaikunja ikawa mviringo mwembamba, nikaiweka kwenye kiti cha mbao akaikalia kwa urefu, mbele mpaka nyuma, yaani imgandamize pale msambani. Nikamwambia kaza tena uniambie unasikiaje. Akasema "nasikia naikandamiza khanga." Basi hapo jibu likapatikana. Alikuwa anasukuma chini, kama mtu aliyeko chooni au anayesukuma mtoto, badala ya kuvuta juu. Ukisukuma hivyo kila siku unaizidishia mzigo ile ile misuli unayotaka ipone.

Hicho kipimo cha khanga kifanye na wewe leo leo. Ukipatia utasikia msamba unajiondoa kidogo kwenye khanga, unakuwa mwepesi, na ukiachia unarudi kuikalia. Ukisikia inazidi kukandamizwa umekosea. Njia nyingine ni kuweka kiganja msambani juu ya chupi, kikivutwa ndani ni sawa, kikisukumwa nje sio. Au kioo, uangalie pale katikati ya uke na haja kubwa, panatakiwa paingie na kupanda, pakivimba kuja nje acha. Wengine wanaelekezwa kuingiza kidole kisafi ukeni wasikie kinabanwa, ila kama umeshawahi kutokwa damu, au umeambiwa kondo la nyuma limekaa chini, au chupa imepasuka, usiingize kitu chochote, hizo za nje zinatosha.

Wifi tulimrekebisha kwa vitu viwili tu. Kwanza pumzi, nikamwambia ahesabu kwa sauti huku amekaza, maana huwezi kuhesabu kwa sauti huku umebana pumzi. Pili apunguze nguvu, akaze kama nusu ya uwezo wake, kwa sababu akiweka nguvu zote tumbo na makalio yanadandia. Alipofanya hivyo amelala ubavu ndo akasema "aah, kumbe hiki kidogo hivi?" Ndio, ni kidogo, mtu aliyekaa pembeni yako asijue kitu.

Baada ya hapo ndo unapima uwezo wako. Kaza uhesabu sekunde mpaka usikie inaachia yenyewe. Wifi ilikuwa sekunde tatu tu. Basi hiyo ndo ya kuanzia, anakaza tatu, anapumzika muda huo huo au zaidi kidogo, anarudia mpaka akichoka, kwake ilikuwa mara tano hivi. Usilazimishe kumi siku ya kwanza kwa sababu video imesema kumi, ukizidisha misuli ikichoka makalio ndo yanakufanyia kazi na hautajua. Unaongeza sekunde moja ukiona hii imekuwa rahisi, lengo ni kufika sekunde kumi mara kumi. Ukimaliza hizo za taratibu unafanya za haraka, kaza achia kaza achia, kama kumi hivi, ila kila moja uachie kabisa. Hizi za haraka ndo zinazokuja kukusaidia kwenye chafya, za taratibu zinasaidia kubeba uzito. Mzunguko mzima ni mara tatu kwa siku. Mi nilikuwa nafunga na vitu vya kila siku, nikiamka kabla sijashuka kitandani, mchana nimekaa, usiku nikilala. Ukishazoea ukiwa umelala, hamia kukaa, halafu kusimama, maana kusimama ni kugumu zaidi na huko ndo mkojo unakoponyokea.

Na sasa kitu ambacho kinakusaidia mapema kabla misuli haijapata nguvu: kaza KABLA. Ukisikia chafya inakuja, kaza uvute juu, ishikilie, piga chafya, ndo uachie. Vivyo hivyo kabla ya kukohoa, kabla ya kunyanyua mtoto au ndoo, kabla ya kuinuka kwenye kochi. Mwanzoni utachelewa, ila jifunze kwa kikohozi cha kujifanyisha, kaza, kohoa kidogo, achia, rudia. Wifi hiki ndo kilimpunguzia pedi kwanza, ile nguvu yenyewe ilikuja baadae.

Kuhusu kama inasaidia kweli nikwambie ukweli wote. Kwa mjamzito ambaye hajaanza kuvujisha, ushahidi ni mzuri sana kwamba mazoezi haya yanapunguza uwezekano wa kuvujisha mwisho wa mimba na miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Kwa sisi tulioanza tayari ushahidi hauko wazi hivyo, wapo wanaopata nafuu ila sio wote, na inataka muda, usihukumu kabla ya miezi mitatu ya kufanya kila siku. Wewe miezi sita maana yake matunda yake mengi utayaona karibu na kujifungua na baada ya hapo. Mimba ikizidi kukua unaweza hata kuona bado kinaponyoka kidogo, sio kwamba umeshindwa, mzigo nao unaongezeka. Na haizuii kuzaa kawaida, hilo swali naulizwa sana, wakati wa kusukuma unatakiwa kuiachia, na umeshajifunza kuiachia.

Vitu viwili vinaharibu kazi yote hii. Choo kigumu, maana kila ukijikamua unasukuma ile misuli chini. Vile vidonge vya kuongeza damu vinavyotolewa kliniki vinawafunga choo wengi, usiviache, ongeza maji, mboga za majani, maharage, machungwa, na ukiwa chooni weka miguu juu ya kigoda kidogo uiname mbele usijikamue. Cha pili ni kupunguza maji ili usikojoe, joto hili la Dar na mimba usithubutu, mkojo ukiwa mzito unakiwasha kibofu na unabanwa zaidi. Cha kupunguza ni chai ya rangi kali na kahawa.

Ila kuna kuvuja ambako sio huku. Mkojo ukiuma au ukiunguza, ukiwa na homa, au maumivu ya chini ya tumbo au ya mgongo kwa pembeni, hiyo nenda ukapime mkojo. Na kama maji yanatoka yenyewe bila kukohoa, ni mepesi, hayanuki mkojo, vaa pedi kavu ulale kidogo, ukiinuka yakatoka tena au pedi imelowa nenda hospitali muda huo huo, inaweza kuwa chupa imepasuka. Usisubiri tarehe ya kliniki. Damu pia hivyo hivyo.

Ukijaribu khanga na kioo na bado hausikii chochote kinachopanda, au ukikaza unasikia maumivu, omba kliniki wakuandikie kwenda kwa mtu wa fiziotherapia, Muhimbili ipo idara hiyo na hospitali nyingine kubwa pia, sema wazi unataka mtu wa misuli ya nyonga kwa wajawazito. Ukishajifungua anza tena taratibu ukiwa unajisikia vizuri, hata kama una nyuzi, ila kama wamekuwekea mpira wa mkojo subiri utolewe na uwe unakojoa kawaida. Ikifika miezi mitatu baada ya kujifungua bado unavujisha rudi ukaonwe.

Fanya hicho kipimo cha khanga kwanza halafu niandikie hapa chini ulichosikia, na umekaza sekunde ngapi.