Kuhesabu kwa aina na hali kwa fomula moja inayonakiliwa jedwali zima

Swali: Natunza orodha ya malalamiko ya wateja wa maji katika Excel. Kwenye shiti ya muhtasari nimeandika `=COUNTIFS(Orodha!C2:C640,A2,Orodha!E2:E640,B1)` katika B2, nikapata 14, ambayo ni sahihi. Nikiinakili kwenda kulia na kwenda chini napata sifuri tupu. Je, inanibidi niandike fomula kumi na tano tofauti?

Jibu: La, fomula moja inatosha, na uliyoandika inakosa alama za dola tu. Ibadilishe hivi katika B2, kisha uinakili hadi D6:

```
=COUNTIFS(Orodha!$C:$C,$A2,Orodha!$E:$E,B$1)
```

Chanzo cha sifuri hizo utakiona ukibofya B3 na kusoma kilichoandikwa humo. Excel inaponakili fomula mstari mmoja chini, husogeza kila anwani isiyofungwa mstari mmoja chini pia, kwa hiyo B1, iliyokuwa na neno "Jipya", imekuwa B2, ambayo ina ile 14 yako. Fomula sasa inatafuta malalamiko ambayo hali yake ni 14, na bila shaka hakuna. Kulia nako, katika C2, safu ya aina imehama kutoka C hadi D, hali imehama kutoka E hadi F, na badala ya jina la aina lililo katika A2 inasomwa tena B2. Excel haioni kosa lolote hapo. Imehesabu ilichoambiwa na kukuta hakipo.

Dola hufunga kile kinachoifuata mara moja. Katika `$A2` herufi imefungwa na namba imeachwa huru, kwa sababu majina ya aina yote yamo katika safu A lakini kila mstari una jina lake. Katika `B$1` ni kinyume chake: hali zote zimo katika mstari wa 1, nasi tunataka herufi isogee hadi C na D. Huhitaji kuandika dola kwa mkono. Weka kishale juu ya anwani ndani ya fomula, ubonyeze F4 mara tatu kupata `$A2` au mara mbili kupata `B$1`. Kwenye kompyuta mpakato nyingi hubonyezwa pamoja na Fn.

Safu za orodha nimezifunga na pia nimeondoa namba za mistari, ili lalamiko litakaloingia mstari wa 641 lihesabiwe bila kugusa fomula. Ukipenda kubaki na mipaka, andika `$C$2:$C$640` na `$E$2:$E$640`, na uhakikishe zina urefu sawa, maana zikitofautiana utapata `#VALUE!`. Jihadhari sana na hali ya kufunga vigezo na kuziacha safu hizi huru. Hapo safu B haitatoa sifuri, bali namba zinazokaribia ukweli: fomula ya mstari wa 6 itaanza kuhesabu kwenye mstari wa 6 wa orodha na kuacha malalamiko manne ya juu. Naliona kosa hili kuwa baya kuliko lako, kwa kuwa sifuri humshtua mtu, lakini 22 iliyopaswa kuwa 23 hupita hadi kwenye ripoti.

Kwa sababu hiyo weka ukaguzi pembeni. Katika E2 andika fomula ifuatayo na uinakili hadi E6:

```
=COUNTIF(Orodha!$C:$C,$A2)-SUM(B2:D2)
```

Jibu linapaswa kuwa 0. Tuseme mstari wa "Mita" unatoa 2: maana yake yapo malalamiko mawili ya mita ambayo hali yake hailingani na kichwa chochote kati ya vitatu. Chuja orodha kwa "Mita" utazame safu E. Huenda moja halikujazwa hali, na jingine limeandikwa "Limefungwa" likifuatiwa na nafasi tupu, ambayo jicho haliioni lakini `COUNTIFS` huihesabu kama herufi. Ukiwa na shaka na seli fulani, kwa mfano E17, andika `=LEN(E17)` mahali pa wazi kwenye shiti hiyo hiyo ya Orodha. "Limefungwa" ina herufi 10, kwa hiyo ukipata 11 umempata mkosaji. Herufi kubwa na ndogo hazina athari, "limefungwa" itahesabiwa vilevile.

Ukaguzi huo hauwezi kugundua aina iliyoandikwa vibaya, kwa mfano "Mitta", kwa kuwa haimo kabisa katika muhtasari. Ikiwa safu A ya orodha ina namba ya usajili ya kila lalamiko, linganisha `=COUNTA(Orodha!$A:$A)-1` na `=SUM(B2:D6)`. Ile 1 inaondoa kichwa cha safu.