Jibu: Kadi ya Visa imeibiwa Istanbul

"Wakuu, nipo Istanbul, pochi imeibiwa na kadi ya Visa ya benki ya Dar ilikuwemo. Simu ninayo. Nianzie wapi?"

Pole sana mkuu. Polisi baadaye, kwanza funga kadi kwenye aplikesheni ya benki, sasa hivi. Manunuzi madogo hupita kwa kugusisha kadi tu bila namba ya siri, na hela inatoka moja kwa moja kwenye akaunti yako.

Kisha hamishia salio kwenye akaunti isiyo na kadi hiyo. Usitoe laini ya Tanzania kwenye simu, maana meseji za uthibitisho zinakuja huko.

Aplikesheni ikigoma, piga benki kwa namba kamili inayoanza na +255; zile za bure za 0800 kwa kawaida hazipatikani ukiwa nje. Ikishindikana, Visa wenyewe ni +1 303 967 1096. Omba kadi ifutwe kabisa, uandike saa na namba ya kumbukumbu.

Sasa angalia miamala. Usioutambua, hata kama bado unasubiri kukamilika, utaje papo hapo, kwa sababu kufunga kadi hakurudishi kilichokwisha kupita. Hapo ndipo uende polisi ukachukue ripoti, benki wataidai.