Kiwiko kilichokatwa na ukingo wa picha

Swali: "Nikiondoa mandharinyuma, kiwiko cha kushoto kinabaki bapa kama kimekatwa kwa rula. Nifanyeje?"

Usihangaike na brashi ya kufuta, maana sehemu iliyokosekana haikupigwa kabisa. Kabla ya kukata, angalia mwili unagusa kingo zipi. Hapo kwako naona ni kushoto, na bila shaka kiuno kimeishia chini. Basi kwenye bango jipya mweke mtu kona ya kushoto chini, pande zote mbili bapa zilale kwenye kingo za bango. Kisha msukume nje pikseli 10 hivi, kwa kuwa ukingo uliolainishwa huacha kamstari chembamba ka rangi ya nyuma. Kuza picha hadi asilimia 200 ukakague.

Usimzungushe hata kidogo: upande bapa ukiinama, pengo la pembetatu linatokea. Ukimtaka kulia, mgeuze kama kwenye kioo, ila maandishi ya fulana yatasomeka kinyume.

Akilazimika kukaa katikati, mtie ndani ya duara dogo linalokata mkono juu ya kiwiko. Mkato wa duara unaonekana wa makusudi. Kufifisha ukingo polepole kunafaa kiunoni. Kwenye kiwiko, mkono huonekana kama unayeyuka.