Dawa ya mbu na mtoto mchanga

"Nikipuliza dawa ya mbu chumbani, mtoto wa miezi mitano arudi baada ya muda gani?"

Dada, mtoe kabla hujabonyeza kopo. Zima jiko na mshumaa, maana gesi yake hushika moto. Chupa zake, maji, chakula na shuka zake vitoe kabisa; kawa haitoshi, ina matundu. Puliza kidogo, toka, funga mlango dakika 15 hadi 20, kisha fungua madirisha yote angalau nusu saa. Kopo likiandika muda mrefu zaidi, fuata huo.

Harufu kuisha si kipimo. Matone hutua sakafuni na kwenye mbao za kitanda, naye hulamba kila anachoshika. Futa kwa maji ya sabuni ndipo umrudishe, alale ndani ya chandarua.