Rekodi ya kikao bado inatazamwa, nieleze vipi?

"Kongamano limeisha wiki 6 sasa, rekodi moja bado inapata watazamaji kila siku. Bosi anataka sababu."

Usiseme "mada ilikuwa nzuri" kabla hujaangalia wanakotoka. Kwenye YouTube Studio, fungua takwimu za video hiyo utafute Traffic source. YouTube search ikiongoza, watu wanakuja na tatizo lao, na maneno wanayotafuta utayaona hapohapo. Kwetu hotuba ya ufunguzi ilizimika mapema. Kikao cha kurejesha hifadhidata iliyoharibika kikaendelea. Grafu ilionyesha wengi wanaruka hadi dakika ya 14, pale mzungumzaji alipoanza kurejesha data mbele ya watu. Ya kongamano hayakuwahusu, walikuwa na kazi imekwama. External ikiongoza, bofya uone tovuti gani. Huenda ni mwalimu mmoja tu kaweka kiungo kwenye kozi yake, na muhula ukiisha namba zitaporomoka.

— Si ni wale waliokosa siku yenyewe?

Wapo, ila wengi wao huja siku za mwanzo. Wiki ya 6 siwategemei.

— Yangu yote ni Direct or unknown.

Hapo pagumu. Waulize wazungumzaji wako nani kasambaza kiungo.