Kuzima, kusitisha kwa muda na kufuta akaunti

"Nikizima akaunti yangu naweza kuirudisha baadaye, au ndiyo imeshafutika?"

Inategemea ni mtandao gani, ndugu, na hapo ndipo wengi wanapopoteza picha zao. Facebook, ukizima, wasifu wako unafichwa tu. Hakuna ukomo, hata baada ya mwaka unaingia kwa nywila yako na kila kitu kipo. Angalia tu: ukitumia akaunti hiyo kuingia kwenye programu nyingine, inajiwasha yenyewe. Kusitisha kwa muda Instagram ni hivyo hivyo.

X ni tofauti kabisa. Huko kuzima ndiko kuanza kufuta. Una siku 30 za kuingia tena, zikipita imekwenda.

Kufuta moja kwa moja Facebook nako kuna siku 30. Tuseme umeomba tarehe 1 Machi: kabla mwezi haujaisha, ingia, utaona kitufe cha kughairi, kibonyeze. Usipokibonyeza, ufutaji unaendelea. Data yote huweza kuchukua hadi siku 90 kuondoka kwenye seva, lakini usidanganyike na hizo 90, wewe huwezi tena kuifikia.

WhatsApp haina kipindi cha kungoja. Ukifuta, hairudi.