Kinyozi, mweleze mteja unachofanya na wembe wako

Ukifungua saluni hapa Mwanza na kujisajili kwenye ukurasa wa miadi, utakuta nafasi ya kujieleza. Wengi huandika: "Kinyozi mahiri, mchangamfu, usafi ndiyo kipaumbele chetu." Hata ambaye nywele za jana bado ziko chini ya kiti huandika hivyohivyo, kwa hiyo mteja huruka mstari huo na kwenda kwenye bei.

Anza na usafi, maana hofu ya mteja iko hapo. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata damu ikiwa imekauka. Wembe mpya kwa kila mtu unastahili kutajwa waziwazi. Kwenye mashine, kinachotangulia ni brashi: nywele na mafuta yakibaki kwenye meno, dawa haifiki. Kisha spiriti ya asilimia 70, uiache ikauke yenyewe. Ile kali zaidi huyeyuka haraka kabla haijafanya kazi. Jiki inaua vijidudu lakini inaleta kutu. Na lile sanduku la taa ya bluu, ambalo wateja hulipenda sana, lisiwe ndiyo hoja yako, kwa kuwa mwanga wake hauingii katikati ya meno.

Kwa kijana mwenye kiti kimoja Kirumba, ningeandika hivi:

"Nanyoa Kirumba, jirani na Mwaloni. Mkono wangu uko kwenye fedi na kuchonga ndevu. Wembe mpya naufungua mbele yako. Mashine naipiga brashi, kisha spiriti, ukiwa unaona. Ukiwa na vipele shingoni niambie mapema, nitapita na mashine bila wembe. Stori za Simba na Yanga zipo, ukitaka kimya sema tu."

Sentensi ya vipele inabeba mengi. Wembe hukata nywele karibu mno na ngozi, na zikiwa za kipilipili, ncha hujikunja na kurudi ndani. Mashine huacha kisiki kidogo kinachotoka salama. Mwenye tatizo hilo akisoma atajua unaifahamu ngozi yake, bila wewe kujiita mtaalamu. Uchangamfu nao umeonekana, tena bila kumlazimisha mtu kupiga soga. Usiongeze kwamba unatibu mapunye. Yale ni ya zahanati, kwani fangasi huingia hadi ndani ya unywele na huhitaji dawa ya kumeza.

Halafu rudi kwenye ratiba. Kama una mashine moja, acha dakika 10 kati ya miadi na miadi, la sivyo Jumamosi foleni ikijaa hutapata muda wa spiriti kukauka, na mteja aliyesoma maneno yako atakuwa amekaa hapohapo anakuangalia.